Kurasa Mbili za Kuomba Kusomea Wagonjwa Mahututi

Mimi huandika polepole. Nilipokuwa shule ya msingi, mwalimu alikuwa akikusanya madaftari nikiwa bado kwenye sentensi ya tatu, na wenzangu wakisimama mlangoni wakinong'ona juu yangu. Jibu nilikuwa nalijua. Kilichonichelewesha ni kuona maneno yangu yakikaa pale kwenye karatasi ambapo mtu yeyote angeweza kuyatazama. Nilikua na tabia hiyo, nikaingia nayo chuo, nikahitimu nayo digrii ya uuguzi. Kazini haikunisumbua sana, kwa sababu ripoti ya muuguzi ni fupi na haihitaji moyo wake. Mgonjwa amepokelewa, amepimwa, amepewa dawa, amelala.

Kisha nikaamua kuomba nafasi ya kusoma shahada ya uzamili katika uuguzi wa wagonjwa mahututi, na chuo kikuu kikataka kurasa mbili za maelezo binafsi. Walitaka kujua kwa nini nimechagua fani hiyo, nimefanya nini kinachohusiana nayo, na nikimaliza nitafanya nini. Vyeti nilikuwa navyo. Leseni yangu ya baraza la wauguzi ilikuwa hai. Kilichonishinda ni zile kurasa mbili.

Wakati huo nilikuwa kwenye idara ya dharura ya hospitali moja ndogo upande wa Seme, nje ya Kisumu, na nikiishi katika chumba cha nyumba za wafanyakazi nyuma ya jengo la kufulia. Nyumbani kwetu ni ng'ambo ya ghuba ya ziwa. Siku ya anga safi niliweza kuona vilima vya kwetu kutoka kwenye kamba ya kuanikia nguo, na hilo halikunisaidia chochote. Wauguzi wenzangu wengi walikuwa na familia Kisumu na zamu ikiisha waliondoka. Mimi nilibaki na jiko la gesi, redio, na simu iliyojaa ujumbe wa kundi la watu niliosoma nao. Wengine walishakwenda Nairobi, wengine ng'ambo. Nilikuwa nasoma ujumbe wao wote na kujibu mara chache sana, hadi nadhani walisahau kwamba nipo kwenye lile kundi.

Mmoja wao ndiye aliyenitumia maelezo yake mwenyewe, yale yaliyomwingiza chuoni mwaka uliotangulia. Aliniambia nibadilishe jina tu na jina la hospitali. Yalikuwa yameandikwa kwa Kiingereza cha kupigwa pasi, yakianza na shauku isiyo na kifani tangu utotoni. Nikayasoma mara nyingi. Sikuyanakili yote, lakini niliazima mwanzo, nikaazima na aya moja ya katikati, na yangu nikayapanga kuyafuata kama mtu anayevaa suruali ya kaka yake.

Chuo kilitaka pia barua za watu wawili wanaoijua kazi yangu. Wa kwanza, mhadhiri wangu wa zamani, alikubali kwa simu. Wa pili alikuwa msimamizi wetu wa idara, sista wa miaka mingi ambaye sote tulimwita Mama ingawa usoni hakutupa sababu ya kumwita hivyo. Nilimpelekea kurasa zangu asubuhi moja wakati wa kukabidhiana zamu. Alizisoma amesimama kando ya kabati la dawa, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.

"Hapa unasema uliongoza timu ya dharura," alisema. "Timu gani, baba? Zamu yako ni wewe na mwanafunzi mmoja. Na mwanafunzi mwenyewe hushinda anatafuta chaji ya simu."

Tabibu aliyekuwa anaosha mikono alicheka. Mimi nilitazama sakafu.

"Wakinipigia simu kuniuliza habari za timu hiyo, niwaambie nini?"

Nilisema nitarekebisha. Akanirudishia karatasi na kuniambia hatatia sahihi barua yake mpaka alichoandika yeye na nilichoandika mimi viwe vinamhusu mtu mmoja. Hakusema kwa ukali, na maombi yalikuwa yanafungwa mwisho wa mwezi. Bila barua yake sikuwa na maombi.

Nilikaa na karatasi tupu jioni nyingi. Nilijiuliza hasa kwa nini nataka kwenda huko, na kila mara jibu lilikuwa mlango. Kwenye hospitali kubwa ya Kisumu, mlango wa chumba cha wagonjwa mahututi una kioo kidogo juu. Hospitali yetu haina mashine ya kupumulia. Mgonjwa akishindwa kupumua mwenyewe, tabibu humwingizia mpira kooni, tunapiga simu hadi kitanda kipatikane Kisumu, halafu muuguzi mmoja humpeleka kwa ambulensi, akimpumulisha kwa mkono kwa ule mfuko wa mpira tunaouita ambu. Unaubonyeza, unahesabu, unaubonyeza tena, njia nzima. Mkifika mlangoni, wauguzi wa kule hutoka, wanaunganisha mgonjwa na mashine yao, wewe unatoa ripoti yako kwa maneno machache, na mlango unafungwa. Unabaki kwenye korido na mfuko wako mkononi. Kisha unarudi na dereva, machela tupu ikigongagonga nyuma, na mfuko unausafisha ukifika. Mara nyingi husikii tena habari za yule mtu. Hakuna anayekuficha. Hakuna tu anayekumbuka kukupigia, nawe unaona haya kuuliza.

Nimewasindikiza wengi hadi kwenye mlango ule. Nilitaka kujua wanafanyiwa nini upande wa pili. Nikaamua kuandika hilo, na nikaamua kuliandika kupitia mgonjwa mmoja.

Alikuwa mzee wa makamo, mkulima wa sukuma wiki na nyanya kando ya ziwa. Alikuwa ananyunyizia dawa ya wadudu kwa pampu ya mgongoni, na pampu ilikuwa inavuja. Alidhani ni jasho. Alipoletwa kwetu, shati lilikuwa limelowa mgongo mzima, mate yanamtoka, mboni za macho zimekuwa ndogo kama vichwa vya pini, na kifua kinakoroma kwa maji yake mwenyewe. Tulimvua, tukamwosha kwa sabuni na maji mengi, tukaanza dawa ya atropini na kuirudia hadi kifua kianze kukauka. Lakini misuli ya kupumua ilikuwa inachoka mbele ya macho yetu. Tabibu akaingiza mpira. Kisumu wakasema kitanda kipo. Mke wake akapanda mbele na dereva, mimi nikapanda nyuma.

Niliandika safari hiyo, nikampelekea Mama. Safari hii alikaa chini kusoma. Alipomaliza aliuliza kama mgonjwa anajua kwamba namwandika. Nilisema sikuweka jina.

"Hujaweka jina. Lakini walimu wa chuo hicho ndio wanaofanya raundi kwenye chumba hicho. Mkulima wa nyanya wa Seme mwenye pampu ya kuvuja, wamempokea wangapi?" Alinirudishia kurasa. "Alipona, unajua? Alhamisi anakuja kliniki. Muulize mwenyewe."

Sikuwa najua. Nilisimama pale na kitu kama furaha kikanipanda, kisha nikaona haya ya kufurahi mbele yake, nikasema asante nikaenda kubadilisha dripu ambayo ilikuwa bado nusu.

Hadi Alhamisi ilipofika nilikuwa nimeshakutana naye mara nyingi kichwani. Sikutaka shukrani, au nilijiambia hivyo. Nilitaka tu anione, aseme, kumbe ni wewe.

Nilimkuta kwenye benchi nje ya kliniki, amevaa koti la kanisani, amekonda, fimbo katikati ya magoti. Mke wake alikuwa pembeni na mfuko wa plastiki wenye kadi za hospitali. Nilisalimia kwa Kijaluo, nikaeleza mimi ni nani. Nilieleza vibaya, kwa sauti yangu ya chini, hadi mzee akainamisha sikio. Nilisema mimi ndiye niliyempeleka Kisumu.

Alinitazama kwa adabu. "Dereva?"

"Hapana, mzee. Muuguzi. Nilikuwa nyuma na wewe."

Alifikiri. Akasema anakumbuka pampu. Anakumbuka mbwa wa jirani akibweka. Baada ya hapo anakumbuka sista mmoja mrefu, kule ndani, akimwambia afungue macho. Alimsifu sana yule sista. Alisema mikono yake ilikuwa baridi na alikuwa akiimba taratibu anapomgeuza, na kwamba Mungu alimtumia sista huyo kumrudisha. Alikuwa ameshampelekea kuku wawili.

"Wewe sikukumbuki, daktari," alisema. "Usikasirike."

Nilisema sikasiriki. Nikamweleza habari ya chuo na kurasa mbili, kwamba ningependa kuandika juu ya ugonjwa wake bila jina, na kwamba akikataa nitaandika kitu kingine na matibabu yake hayataguswa kwa namna yoyote. Alipenda wazo la kuandikwa. Aliniuliza kama ataonekana mjinga kwa sababu ya pampu. Nilisema wapo wengi wenye pampu kama ile. Akakubali, akatia sahihi kwenye karatasi niliyoandaa, kisha akaniinulia kidole.

"Lakini usiandike uongo. Andika kwamba sista alikuwa mrefu."

Mzee alipoitwa ndani kwa tabibu, nikainuka niende, mke wake akanishika mkono wa koti langu.

"Hebu hesabu," alisema.

Sikuelewa.

"Hesabu, nyathina, mwanangu. Kama siku ile."

Nilitazama korido yote iliyojaa watu. Nikahesabu kwa sauti ya chini, kwa Kijaluo, kama ninavyofanya ninapobonyeza mfuko. Achiel. Ariyo. Adek. Ang'wen. Abich. Alifumba macho.

"Ndiye," alisema. Aliniambia kwamba siku ile hakuweza kugeuka nyuma kutazama. Kuna kidirisha kati ya mbele na nyuma ya ambulensi yetu, na alikuwa amekipa kisogo tangu tuondoke, kwa sababu aliogopa atakachoona. Lakini alikuwa anasikia. Kila nilipofika tano na kuanza tena, alijua mume wake amepewa pumzi nyingine. Alianza kuhesabu nami. Tulipita soko la Holo akihesabu, dereva akafikiri anasali.

"Halafu tulipofika Kisian ukanyamaza," alisema.

Nilikumbuka. Kisian ndipo maji yalipojaa tena kwenye mpira. Nilikuwa peke yangu nyuma. Nilichomoa mfuko, nikanyonya maji kwa mashine ya mguu, nikarudisha mfuko, na mkono mmoja ukibonyeza, wa pili ukaongeza atropini kwenye mshipa. Nilihesabu moyoni, mdomo ulikuwa umefumba kwa kazi. Ilikwenda vizuri. Katika yote niliyofanya siku ile, pale ndipo nilipojiona muuguzi hasa, na ndipo palipochukua aya nzuri kuliko zote kwenye kurasa zangu.

"Nilijua amekufa," mke wa mzee akasema. "Kutoka Kisian hadi kwenye uwanja wa ndege nilikuwa mjane. Nilishaanza kupanga nani atapigiwa simu kwanza. Dereva nilimwambia apunguze mwendo, haraka ya nini sasa? Akanitazama tu, akakanyaga mafuta."

"Nilikuwa nasafisha koo lake, mama. Alikuwa anapumua."

"Sasa najua. Siku ile hukusema." Hakuwa ananilaumu. Alikuwa akikunja na kukunjua ule mfuko wa kadi. "Karibu na uwanja wa ndege ukaanza tena, achiel, ariyo. Nililia hapo tu. Kabla ya hapo sikulia."

Mzee akatoka na karatasi ya dawa, wakaenda zao polepole kuelekea getini. Mzee aliniaga kwa heshima, kama mtu anayeaga karani.

Nilirudi kwenye zamu. Jioni nilikaa na kurasa zangu na nikaona kwamba aya ya Kisian haiwezi kubaki ilivyo. Kila nilichoandika kilikuwa kweli: kiasi cha dawa, mpangilio wa hatua, hali ya kifua baada ya kunyonya. Lakini ndani ya gari lile kulikuwa na watu watatu zaidi ya mimi, na mmoja wao alikuwa amefiwa kimakosa kwa sababu mimi ni mtu wa kunyamaza. Maisha yangu yote nilidhani kunyamaza kwangu hakumdhuru mtu ila mimi.

Niliandika upya kwa siku kadhaa. Niliondoa shauku isiyo na kifani. Nilianza na mlango wenye kioo kidogo. Niliandika yaliyotokea Kisian mara mbili, kwanza kama nilivyoyaona nyuma, kisha kama yalivyosikika mbele. Niliandika kwamba sijui kutumia mashine ya kupumulia zaidi ya nilivyofundishwa kwenye mazoezi, na kwamba nataka kujua, ili nikirudi tuweze kumtuliza mgonjwa wetu vizuri zaidi kabla ya safari na kuwafundisha wengine kusafiri naye. Niliandika kwamba nataka kujifunza kufanya kazi nikisema ninachofanya. Na kwa kuwa nilitoa ahadi, niliandika kwamba muuguzi aliyemwamsha alikuwa mrefu.

Mama alisoma. Aliporudi kwenye ukurasa wa kwanza nilijua kuna jambo. Aliniambia kuna watu watakaoona nimejidharau kwenye maombi, na kwamba wengine hupenda kusikia ushindi. Nikasema naweza kuongeza. Akatikisa kichwa.

"Wakinipigia kuhusu huyu," alisema, "nina la kusema." Akavuta kalamu mfukoni na kutia sahihi barua yake, hapo juu ya troli ya dawa, kisha akaniuliza kwa nini kitanda cha tatu hakijabadilishwa shuka.

Chuo kiliniita kwenye usaili, na kabla ya siku hiyo nilisindikiza mgonjwa mwingine, msichana wa degedege lisilokoma. Babake alikaa mbele. Tulipofika Otonglo ikabidi nisimamishe hesabu, na nikajilazimisha kuinua sauti kuelekea kwenye kidirisha. Nilisema nasafisha mdomo wake, nitanyamaza kidogo, anapumua. Sauti ilitoka nyembamba, ikavunjika katikati, na dereva akacheka kwa mshangao maana hajawahi kunisikia nikizungumza nyuma ya gari. Baba hakugeuka. Alipiga kofi moja juu ya kiti, kuonyesha amesikia.

Kwenye usaili walikuwa wahadhiri watatu, meza ndefu, chupa za maji. Waliniuliza mambo ya kawaida ya oksijeni na presha, nikayajibu. Kisha mmoja wao, mwanamke mwenye kurasa zangu mbele yake, aliuliza: na kama hakuna ndugu ndani ya gari, utaongea na nani? Nilisema, na mgonjwa. Akaniambia niongeze sauti. Nikarudia. Akauliza, hata asiyesikia? Nikasema sijui kama hasikii. Mzee wangu hakumbuki kitu cha safari ile, lakini hilo halikuniambia kama alisikia au la, na ni moja ya mambo ninayotaka kuja kusoma. Waliandika. Sikuweza kujua waliandika nini.

Jibu lilikuja kwa barua pepe mchana mmoja wa siku ya soko. Nimekubaliwa. Niliisoma nikiwa nimesimama kando ya kamba ya kuanikia nguo, kisha nikaenda kwa Mama kumwonyesha, kwa sababu ruhusa ya masomo ya kaunti ingepita kwake. Alinipa mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kisha akafungua ratiba ya zamu ya miezi inayokuja, akakaa akiitazama, akitafuta mahali pa kupata mtu. Alianza kufuta jina langu kwa kifutio, safu moja baada ya nyingine, na nikaona ni jinsi gani naweza kuondoka mahali bila sauti yoyote.

Nilitaka kumwambia mtu mwingine. Nilishika simu, nikafungua lile kundi la wenzangu, nikaandika sentensi, nikaifuta. Kwa wazazi mtandao ulikuwa unakatika. Nilifikiria kumwambia mzee wa nyanya, halafu nikakumbuka kwamba hanijui.

Nikaenda sokoni kununua nyanya, au ndivyo nilivyojiambia. Mke wa mzee alikuwa kwenye meza yake ya omena, dagaa wa ziwani, anapimia wateja kwa kopo la gorogoro, anahesabu kila kopo kwa sauti. Aliponiona hakuacha kuhesabu. Alimaliza mteja wake ndipo akauliza, "Walikubali?"

Nilisema walikubali. Nilisema kwa sauti, hadi muuza vitunguu akageuka.

Alinijazia kopo, akaongeza juu yake mpaka omena zikawa zinamwagika, akafunga kwenye gazeti na kukataa pesa. Aliniambia mzee anaendelea vizuri, anasumbua watu tu na habari za sista wake. Kisha mteja mwingine akaja, naye akarudi kwenye hesabu zake, achiel, ariyo, na mimi nikasimama kidogo nikisikiliza kabla ya kupanda njia ya kurudi.

Nilizikaanga zote jioni ile, na nyanya na kitunguu, zikajaa sufuria. Zilikuwa nyingi kuliko mtu mmoja anavyoweza kula. Nilipakua sahani moja, nikaketi mlangoni nikitazama upande wa vilima vya kwetu mpaka vikafifia.